Barua tatu kwa shangazi aliye Ujerumani: ipi italeta jibu la kweli?

Tuchukue kisa kimoja na tukae nacho. Kijana wa Mombasa amemaliza shahada ya biashara, amesoma Kijerumani hadi kiwango cha kati, B1, na ameletewa mkataba wa Ausbildung ya uuguzi katika nyumba ya wazee. Ausbildung ni mafunzo ya kazi, ambayo kwa uuguzi ni ya miaka mitatu, na mwanafunzi hulipwa akiwa anasoma. Mkataba unasema yuro 1,400 kwa mwezi. Shangazi yake, dada wa baba, anaishi katika mji huohuo wa Ujerumani kwa zaidi ya miaka kumi. Kabla ya kutia saini, kijana anataka kumwandikia ajue ukweli: kazi ikoje, na pesa hiyo inatosha nini.

Barua kama hii huandikwa kwa namna tatu, na majibu yake hayafanani hata kidogo.

Barua ya kwanza: maswali mapana

"Shikamoo shangazi. Natumai u mzima wa afya na watoto hawajambo. Mimi nimepata nafasi ya kuja huko kusomea uuguzi. Naomba unieleze, maisha ya huko yakoje? Kazi ni nzuri? Pesa inatosha?"

Ni barua ya adabu, na haina kosa la lugha wala la heshima. Shida ni kwamba inajibika kwa sentensi moja: "Marahaba mwanangu, maisha ni kuvumilia, ukijituma utafanikiwa." Shangazi hakudanganya. Ameulizwa swali lisilo na kipimo, akajibu bila kipimo. Na ana sababu ya kutokwenda mbali zaidi. Akisema ni kugumu, nyumbani wataambiana kwamba hataki mtoto wa kaka yake afike alikofika yeye. Akisema ni kuzuri, kijana akija akaumia, lawama ni zake. Tena barua haijasema kijana atalala wapi, kwa hiyo chini ya kila swali shangazi anasikia lingine: nitafikia kwako?

Barua hii inafaa kwa kazi moja tu, kufungua mazungumzo na shangazi ambaye hamjasemezana kwa miaka. Ukitaka uamuzi wa mkataba, haitoshi.

Barua ya pili: maswali kuhusu yeye mwenyewe

Wengine, wakiambiwa waulize namba, huenda upande wa pili: "Shangazi, wewe unalipwa ngapi kwa mwezi? Nyumba unalipa ngapi? Unabakiwa na ngapi?"

Acha kwamba si adabu kumhoji shangazi mfuko wake. Kasoro kubwa ni nyingine: hata akijibu kwa ukweli wote, majibu yake hayatakufaa.

Angalia mshahara. Ujerumani, mfanyakazi huwekwa katika daraja la kodi kufuatana na hali yake ya ndoa. Kijana asiye na mke wala mume huwa daraja la kwanza. Wenye ndoa wanaweza kuchagua madaraja ya tatu na ya tano, ambapo mmoja wao hukatwa kodi kidogo sana na mwenzake hukatwa nyingi. Kwa hiyo watu wawili wenye mshahara uleule kwenye mkataba wanaweza kupokea mkononi pesa zilizopishana kwa mamia ya yuro. Shangazi aliyeolewa akikwambia "mimi hukatwa kidogo tu," anasema kweli yake, ila si kweli yako.

Kodi ya nyumba nayo iko vivyo hivyo. Mpangaji aliyeingia zamani huendelea na mkataba wake wa zamani, na sheria inambana mwenye nyumba asipandishe kodi apendavyo. Anayeingia leo hulipa bei ya leo. Kodi ya shangazi ya mkataba wa miaka kumi nyuma ni kumbukumbu ya soko lililokwisha. Swali linalokufaa ni hili: "Chumba kimoja kikitangazwa wiki hii katika mtaa wenu, kinatangazwa kwa ngapi?" Hilo anaweza kulijibu bila kufungua mkoba wake.

Barua ya tatu: hesabu yako, aisahihishe yeye

Hii ndiyo tunayoipendekeza. Badala ya kumwuliza shangazi, unampa bajeti uliyoitengeneza mwenyewe, ikiwa na makosa yako yote, na kumwomba aweke kalamu nyekundu. Mtu anayesita kutaja mshahara wake hasiti kusema "hapa umekosea." Kusahihisha ni rahisi kuliko kukiri, tena ni kazi ya heshima inayomfaa mkubwa.

Barua inaweza kuwa hivi:

"Shikamoo shangazi. Natumai nyote mu wazima huko kwenye baridi. Nimeletewa mkataba wa Ausbildung katika nyumba ya wazee, na picha zake nimekutumia. Sijatia saini. Siombi kufikia kwako wala siombi nauli. Ninachoomba ni jicho lako. Nimepiga hesabu ya mwezi mmoja, na najua imekosea mahali, sijui wapi. Naomba uikosoe bila kunionea huruma. Jibu litabaki kwangu, sitalipeleka kwenye kundi la familia. Hesabu ni hii: mshahara 1,400. Chumba 320. Chakula 150. Tiketi ya basi na treni 63. Simu 15. Jumla ya matumizi ni 548, nabaki na 852. Nimepanga kumtumia mama 500."

Sentensi tatu katika barua hiyo zina kazi yake. "Siombi kufikia kwako" inamwondolea shangazi mzigo aliokuwa anauogopa. Kama kweli unaomba kufikia kwake, usiifiche. Andika ni wiki ngapi, na uulize kama mwenye nyumba wake anaruhusu. "Jibu litabaki kwangu" inamlinda na maneno ya nyumbani, kwa sharti kwamba utaitimiza. Na "sijatia saini" inamwonyesha kwamba ushauri wake bado una nafasi. Ukimwandikia baada ya kusaini, atakupongeza tu.

Sasa tazama kalamu nyekundu inavyopita kwenye hesabu hiyo.

Mstari wa kwanza, 1,400, hubadilika kabla ya mingine yote. Hiyo ni pesa ya kabla ya makato, ambayo kwenye mkataba na kwenye hati ya mshahara huandikwa Brutto. Hukatwa bima ya uzeeni asilimia 9.3, bima ya kukosa kazi asilimia 1.3, bima ya afya ambayo pamoja na nyongeza ya mfuko wa bima huzidi asilimia 8, na bima ya uangalizi, ambayo kwa asiye na mtoto aliyepita miaka 23 ni asilimia 2.4. Kwa jumla ni karibu asilimia 22. Kodi ya mapato kwa kiwango hiki cha mshahara haifiki pa kuuma. Mkononi, yaani Netto, inabaki kama 1,090. Yuro 310 zimeondoka kabla hujaziona, na mkataba haukudanganya popote.

Chumba cha 320 ndicho kosa la pili, na ndilo linalowapata wengi kwa sababu namba wameiona wenyewe kwenye tangazo. Matangazo ya nyumba Ujerumani huwa na bei mbili. Kaltmiete, kodi baridi, ni kuta tupu. Warmmiete, kodi ya joto, ni kuta pamoja na kipasha joto, maji, taka na usafi wa ngazi. Kijana amechukua ya kwanza. Tuseme shangazi anajua ya pili kwa chumba kile ni 430. Umeme na intaneti mara nyingi haviko hata humo, ongeza 45. Halafu kuna ada ya redio na televisheni ya umma, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila makazi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Mkiwa watu watatu katika nyumba moja mnagawana, lakini barua ya madai huja kwa jina la mmoja, na anayedhani ni utapeli akaitupa hurundikiwa deni.

Hata hiyo kodi ya joto si neno la mwisho. Pesa ya kipasha joto na maji hulipwa kwa makadirio, na mara moja kwa mwaka mwenye nyumba huleta hesabu kamili. Mtu aliyekulia Mombasa, anayefungulia kipasha joto mpaka mwisho kisha anafungua dirisha kwa sababu hewa imekuwa nzito, anaweza kudaiwa nyongeza ya mamia ya yuro kwa mkupuo. Mwulize shangazi: "Mara ya mwisho hesabu ya mwaka ilipokuja, watu wa jengo lenu waliongezewa au walirudishiwa?"

Chakula cha 150 shangazi atakiinua hadi 220, hasa kwa mtu wa zamu anayenunua mkate stesheni kwa sababu hakupata muda wa kupika. Tiketi ya 63 ni sahihi: ndiyo bei ya tiketi ya mwezi ya usafiri wa nchi nzima tangu Januari 2026, ingawa baadhi ya majimbo yana tiketi nafuu kwa wanafunzi wa Ausbildung, na hilo ni swali zuri la kumwuliza. Nguo, viatu vya baridi, dawa na kinyozi ni 80, mstari ambao kijana hakuuweka kabisa.

Hesabu iliyosahihishwa basi ni hii: mkononi 1,090. Chumba 430, umeme na intaneti 45, ada ya redio 18, tiketi 63, chakula 220, simu 15, mengineyo 80. Jumla 871. Inabaki 219. Mia tano za mama hazimo. Wala si kwamba shangazi ni mchoyo. Ni kwamba kijana alizidisha 1,400 kwa shilingi akiwa Mombasa, akapata namba kubwa, kisha akaitumia kwa bei za Mombasa. Mshahara wa yuro unatumika kwa yuro. Kinachobadilishwa kuwa shilingi ni kile kilichobaki tu.

Miezi mitatu ya mwanzo

Bajeti ya mwezi wa kawaida haionyeshi mahali watu wanapoanguka. Mwombe shangazi asahihishe pia hesabu ya kuingia.

Dhamana ya nyumba inaweza kufika kodi baridi ya miezi mitatu. Kwa chumba chetu ni 960. Sheria inampa mpangaji haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi, fungu la kwanza likiwa mwanzo wa upangaji, lakini wenye nyumba wengi hawakwambii hivyo. Kwa hiyo kabla ya mshahara wa kwanza, unaokuja mwisho wa mwezi, unahitaji 320 ya fungu la kwanza, 430 ya kodi, 220 ya chakula, 63 ya tiketi, na tuseme 150 ya godoro, blanketi na sufuria. Hiyo ni 1,183. Mwezi wa pili na wa tatu, ile 219 inayobaki haitoshi fungu la dhamana. Unapungukiwa 101 kila mwezi. Ukijumlisha, kijana huyu anatakiwa ashuke ndege na kama yuro 1,400 zake mwenyewe, zisizokuwa deni la kulipwa mwezi ujao. Chumba cha bweni la mwajiri chenye kitanda hupunguza sana mzigo huu, ila soma mkataba: je, kodi yake hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara? Na ukiacha kazi, unatakiwa utoke kwa muda gani?

Na swali moja ambalo wengi hawalijui mpaka wamefika: "Chumba hicho kina jiko?" Nyumba nyingi Ujerumani hupangishwa bila jiko, bila kabati, wakati mwingine hata bila taa, nyaya tu zinaning'inia darini.

Kuna na mtego wa karatasi. Anayehamia lazima ajiandikishe ofisi ya wakazi katika wiki mbili, akiwa na fomu iliyosainiwa na anayempa makazi. Vyumba vingine vya bei rahisi hutolewa kwa sharti la "usijiandikishe hapa." Kataa. Bila kujiandikisha hupati namba ya kodi ya mapato, na mwajiri asipopata namba hiyo anaweza kulazimika kukukata kwa daraja la sita, ambalo ni la juu kuliko yote. Pesa hiyo hurudi baadaye, lakini baadaye hailipi kodi ya nyumba ya mwezi huu.

Hali ya kazi: omba ratiba, usiombe maoni

Kanuni ileile inafanya kazi hapa. "Kazi ni ngumu?" huleta "kazi ni kazi." Ratiba ya zamu haisemi hivyo. Kama shangazi yuko katika uuguzi, au ana rafiki huko, mwombe akueleze mwezi uliopita ulivyokwenda: wikendi ngapi alifanya kazi, mara ngapi aliitwa siku yake ya mapumziko kwa sababu mwenzake anaumwa, na usiku walikuwa wafanyakazi wangapi kwa wazee wangapi. Swali hilo la usiku ndilo linalopima nyumba ya wazee kuliko jingine lolote. Namba ikiwa mbaya hata majibu ya mengine yawe matamu, mwanafunzi ndiye atakayejazia pengo.

Uliza pia jambo dogo: "Jumapili, basi la kwanza hupita saa ngapi?" Zamu ya asubuhi katika nyumba nyingi huanza karibu saa kumi na mbili. Katika miji midogo, basi la Jumapili halijaamka saa hizo. Aliyepanga mbali kwa sababu ni rahisi hujikuta akiendesha baiskeli gizani kwenye barafu. Tena mwanafunzi hakai mahali pamoja: mafunzo haya yana saa 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo, na sehemu ya vitendo hufanyika hospitali, kwa wagonjwa wa majumbani, kwa watoto na kwa wagonjwa wa akili, mara nyingine mji mwingine. Swali kwa shangazi ni kama miji hiyo inafikika kwa zamu ya alfajiri.

Darasa nalo lina uzito wake. B1 inakupatia viza; mwalimu anayefundisha magonjwa ya moyo, na bibi wa miaka 90 anayezungumza lahaja ya kijijini, hawazungumzi B1. Miezi sita ya kwanza ni ya majaribio, na mwajiri anaweza kukuachisha bila notisi. Kibali chako cha kuishi kimefungwa kwenye mafunzo hayo. Ukiachishwa hufukuzwi nchini siku ileile, kwani sheria inatoa hadi miezi sita ya kutafuta nafasi nyingine, lakini ni miezi isiyo na mshahara. Kwa hiyo usimwulize shangazi kama Kijerumani ni kigumu. Mpigie simu, mzungumze Kijerumani dakika kumi kwa mwendo wake wa kawaida, kisha mwulize kama angekuacha peke yako na mgonjwa.

Yasiyo ya shangazi kujibu

Hata barua ya tatu ina mpaka wake. Shangazi anayefanya kazi ya usafi au dukani anajua kodi, chakula na baridi kuliko ajenti yeyote, ila hajui mikataba ya uuguzi. Maswali ya mkataba ni ya mwajiri, na yapelekwe kwa maandishi: saa kwa wiki, siku za likizo, mshahara wa mwaka wa pili na wa tatu, na kama kuna kifungu kinachokutaka urudishe gharama za kozi ya lugha au nauli ukiacha kabla ya muda. Usiulize mwajiri kama analipa kima cha chini cha saa, yuro 13.90 tangu Januari 2026. Kima hicho hakiwahusu walio kwenye Ausbildung, na ajenti anayekuhesabia mshahara wako kwa kipimo hicho hajui anachouza.

Ajenti mwingine atakutajia mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi uliosainiwa na Kenya na Ujerumani Septemba 2024 kana kwamba ni tiketi. Mkataba huo haumpi mtu viza wala haumwondolei sharti la lugha, na ile habari iliyovuma ya ajira 250,000 kwa Wakenya ilikanushwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani.

Namna ya kutuma

Kama shangazi ni mtu wa barua pepe, tuma huko. Wengi watasoma kwenye WhatsApp, basi weka salamu na ombi katika ujumbe mmoja, na hesabu katika ujumbe wa pili peke yake, mstari kwa mstari, ili aweze kujibu mstari mmoja akiwa kwenye treni. Mruhusu ajibu kwa sauti. Mtu aliyetoka zamu ya usiku haandiki insha. Usitume maswali ishirini. Bajeti moja, ratiba moja na maswali matatu au manne ya ziada yanatosha.

Jibu likija, weka alama kwenye mistari aliyoiruka. Akisahihisha chakula, chumba na basi, kisha akanyamaza kuhusu usiku au kuhusu simu za siku ya mapumziko, hapo pana neno. Usimsukume kwa maandishi. Mwulize siku gani hayuko kazini, na umpigie jioni yake. Wakati wa baridi Mombasa iko mbele kwa saa mbili, wakati wa joto kwa saa moja; ukipiga saa nne usiku yako, kwake watoto ndio wanalala, na sahani zimeshaoshwa.